Hatua Sabini za Nani? Uchambuzi wa kisa cha mipaka ya shamba la ekari moja

Kisa hiki kilitokea katika wilaya moja ya Mkoa wa Pwani. Mimi ni mpima ardhi, na niliitwa wakati mgogoro ulikuwa umeshaiva. Majina, mtaa na alama zote zinazoweza kumtambulisha mtu nimeziondoa. Mnunuzi nitamwita Mama R., na mlinzi wa shamba Mzee K. Wote wawili waliridhia kisa kisimuliwe, kwa sharti hilo.

Usuli

Mama R. anafanya kazi Mwanza. Mwaka 2018 alinunua shamba ambalo halijapimwa, nje kidogo ya mji unaokua kwa kasi. Karatasi ya mauziano iliandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akagonga muhuri, na ukubwa ukatajwa kama wanavyoutaja watu wote huku: "ekari moja, hatua 70 kwa 70."

Hesabu hiyo ina asili yake. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa karibu mita 64. Mtu mrefu anayetanua miguu makusudi hupiga hatua ya sentimita 91 hivi, na hatua 70 za namna hiyo humfikisha kwenye mita 64. Lakini aliyelipima shamba hili ni dalali, kwa mwendo wake wa kawaida. Nilipokuja kupitisha futi kamba miaka minne baadaye, kwa kona zake za awali upande wa mashariki na wa magharibi ulikuwa mita 58, wa kaskazini na wa kusini mita 61. Hiyo ni mita za mraba 3,538, pungufu ya ekari kwa karibu 500. Mama R. alikuwa amelipia ekari kamili.

Upungufu huo uliuma, ila haukuwa ndio ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ulikuwa kwamba karatasi ilitaja kipimo ambacho hakuna mtu anayeweza kukirudia. Majirani wanne walitajwa kwa majina, "kaskazini anapakana na fulani, mashariki na fulani," lakini siku ya kuonyeshwa mipaka alikuwepo mmoja tu. Sahihi ya jirani wa kaskazini iliwekwa na kijana wa muuzaji, eti kwa niaba yake, kwa sababu mzee alikuwa amesafiri.

Mawe ya kwanza

Siku ileile Mama R. aliweka mawe manne ya matumbawe kwenye kona, akayapaka chokaa, akapiga picha, akarudi Mwanza. Kabla ya kuondoka alimwomba Mzee K., anayeishi mtaa huohuo, aliangalie shamba kwa shilingi 30,000 kwa mwezi na ruhusa ya kulima. Walikubaliana kwa mdomo, chini ya mwembe, mbele ya mke wa Mzee K.

Mwaka 2019 jiwe la kona ya kusini-magharibi lilitoweka. Hakulichukua mvamizi. Mtu alikuwa anajenga choo jirani, akaona jiwe zuri limelala juu ya ardhi, akalibeba. Jiwe lililolazwa tu juu ya mchanga mtu hulibeba bila kudhani kwamba ameondoa mpaka. Hata mtoto anayechunga mbuzi anaweza kulisogeza akitafuta pa kukaa.

Mama R. alituma fedha ziwekwe nguzo za zege. Fundi alimwaga nguzo nne za mita 1.5, ndani zina nondo, na kuzisimika sentimita 60 chini ya ardhi. Alipima pande zote nne kwa futi kamba na kuandika vipimo kwenye daftari. Mishazari, yaani kutoka kona hadi kona ya pili kupitia katikati ya shamba, hakuipima.

Hapo Mzee K. alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Kabla nguzo haijaingia, kila shimo alilichimba zaidi, akaweka mkaa kiasi cha kopo mbili na chupa ya soda iliyosimamishwa shingo chini, akafukia udongo kidogo, ndipo nguzo ikakaa juu yake. Nilipomuuliza baadaye alinijibu, "Baba yangu ndivyo alivyopanda mipaka ya minazi. Nguzo inaibiwa. Nani ataiba mkaa?"

Mambo yalivyoharibika

Mpango ulikuwa kuzungushia minyaa pande zote. Mnyaa hauhitaji maji wala mbolea, kipande kilichokatwa hushika kikichomekwa mwanzo wa mvua, na utomvu wake unaounguza macho huwakinaisha mbuzi na wakataji kuni. Walipanda kusini, mashariki na magharibi, kipande kila baada ya sentimita 30. Kabla ya kufika kaskazini fedha zikaisha. Upande wa kaskazini ukabaki na nguzo mbili tu za kona, mita 61 kutoka moja hadi nyingine. Majani yakikua, ukisimama kwenye moja huioni ya pili.

Mwaka 2021 Mama R. alipata matatizo ya kifamilia, na malipo ya Mzee K. yakasimama miezi saba. Mzee hakuondoka. Aliendelea kulima, akapanda mikorosho 11 upande wa mashariki, na akajenga kibanda cha udongo cha kupumzikia. Alimwambia Mama R. kwa simu kwamba amepanda "miti kidogo." Mama R. alifurahi, akidhani ni kivuli.

Mwanzoni mwa 2022 jirani wa kaskazini alifariki, na warithi wakauza eneo lao kwa mtu mgeni kabisa. Dalali wa mauzo hayo alikuja na vijana wake wakapima kwa hatua. Wiki chache baadaye Mzee K. aliwakuta mafundi wakichimba msingi, na aliona wazi kwamba wameingia ndani. Alipowaambia wasimame, msimamizi wao alimuuliza, "Mzee wangu, wewe ni nani hapa? Una karatasi?" Mzee K. hakuwa nayo. Alikuwa mkulima wa hisani kwenye shamba la mtu asiyeonekana, na mafundi wakaendelea. Alimpigia Mama R. siku mbili, hapatikani. Alipopatikana, tofali zilikuwa zimeshapanda kozi tatu.

Siku ya kupima

Nilifika nikiwa na futi kamba ya mita 50, jembe na daftari la fundi. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, jirani mpya alikuwepo na dalali wake, na niliomba aitwe pia muuzaji wa awali wa shamba la Mama R. Hilo la muuzaji nalisisitiza. Huyo ndiye aliyekuwa ameonyesha mpaka mara ya kwanza, na maneno yake yana uzito kuliko ya mnunuzi.

Upande wa mashariki, ambao daftari lilisema ni mita 58, ulikuwa mita 52.2. Nguzo ya kona ya kaskazini-mashariki ilikuwa imesogea kusini kwa mita 5.8. Ya kaskazini-magharibi ilikuwa mahali pake. Kwa hiyo mpaka ulikuwa umekatwa mshazari, na kipande kilichoondoka kilikuwa pembetatu ya karibu mita za mraba 177.

Dalali hakushtuka. Alisema daftari ni la Mama R. peke yake, hakuna jirani aliyesaini, na karatasi ya mauziano inasema hatua 70. Kisha akasimama kwenye nguzo ya kusini-mashariki, akahesabu kwa sauti akielekea kaskazini, na hatua ya 70 ikamfikisha karibu kabisa na nguzo iliyohama. Watu walinyamaza. Hesabu yake ilikuwa sahihi: mita 52.2 ukizigawa kwa 70 unapata hatua ya sentimita 75, ambayo ni hatua ya kawaida ya binadamu. Na mita 58 ukizigawa kwa 70 unapata sentimita 83, ambayo nayo ni ya kawaida. Karatasi moja ilikuwa inathibitisha mipaka miwili.

Ndipo Mzee K. akasema tuchimbe.

Kabla ya kuchimba nilimwomba mwenyekiti aiangalie nguzo yenyewe. Zege lililokaa ardhini miaka mitatu hushika rangi ya udongo, na mstari wa rangi hiyo huonekana kama mstari wa maji kwenye mtumbwi. Kwenye nguzo hii mstari ulikuwa sentimita 20 juu ya ardhi. Maana yake aliyeisimika mara ya pili alichimba sentimita 40 tu badala ya 60. Udongo uliozunguka mguu wake ulikuwa umechanganyika, mchanga wa kijivu wa juu na wekundu wa chini pamoja, tena uliingia kidole bila shida.

Tulipima mita 58 kutoka kusini, tukaweka kijiti, tukachimba. Kwa sentimita 50 za kwanza tulikuta mchanganyiko uleule wa rangi mbili, dalili kwamba hapo palikuwa na shimo. Baadaye jembe lilitoa mlio wa chupa. Mwenyekiti alipiga magoti akaendelea kwa mikono, mkaa ukaanza kutoka, mweusi na mgumu kama umetoka gengeni jana. Chupa ilikuwa imesimama shingo chini. Tukaenda kona ya kaskazini-magharibi, ambayo haikuwa na ubishi, tukachimba pembeni ya nguzo. Mkaa, na chupa shingo chini.

Niongeze tahadhari moja. Mkaa peke yake usingetosha. Mashamba ya huku huchomwa kila kiangazi, na mzizi ulioungua huweza kuacha mkaa chini kabisa. Kilichomaliza ubishi ni mkaa pamoja na chupa iliyowekwa kwa mtindo mmoja kwenye kona mbili, ya pili ikiwa haina mgogoro.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutobomoa chochote. Ndugu wa Mama R. walikuja na nyundo. Niliwazuia kwa sababu anayebomoa hugeuka mshtakiwa, na ushahidi unapotea pamoja na tofali. Mwenyekiti aliandika barua ya kuomba ujenzi usimame. Barua hiyo si amri ya mahakama na jirani angeweza kuipuuza, lakini inaonyesha tarehe ambayo aliambiwa. Anayeendelea kujenga baada ya hapo hawezi tena kudai kwamba hakujua.

Uamuzi wa pili ulikuwa kupeleka jambo Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mlalamikaji huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengine hulidharau Baraza la Kata kwa sababu hiyo. Mimi niliona ndilo lililofaa hapa, kwa kuwa jirani mpya naye alikuwa ameuziwa kwa udanganyifu, na alihitaji mahali pa kurudi nyuma bila kuaibika.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu zaidi. Jirani alikubali kuondoka, ila aliomba asaidiwe gharama ya kung'oa msingi. Mimi nilipinga. Mama R. alisema upande ule haukuwa na uzio wala nguzo ya kati, na mgeni asingejua mpaka uko wapi. Alitoa nusu ya malipo ya vibarua. Leo nakiri kwamba aliona mbali kuliko mimi. Jirani aliokoa tofali zake, na siku ya kusimika nguzo upya alishika futi kamba kwa mkono wake.

Uamuzi wa nne ulihusu mikorosho ya Mzee K., na hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa kuliko ile ya msingi wa tofali.

Matokeo

Kaskazini ziliwekwa nguzo nne za kati, moja kila mita 12 hivi, ili ukisimama kwenye moja uione inayofuata hata majani yakikua. Pande nne na mishazari miwili vilipimwa. Vipimo viliandikwa kwenye karatasi moja, majirani wote wanne wakasaini wenyewe, na nakala zikabaki kwa kila mmoja na ofisi ya mtaa. Mshazari wa shamba hili ni mita 84.2, na ndio unaoifunga kona. Pande nne peke yake zinaweza kuinama kama fremu ya mlango iliyolegea bila urefu wa upande wowote kubadilika.

Mama R. na Mzee K. waliandikiana mkataba. Malimbikizo ya shilingi 210,000 yalilipwa kwanza, kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Uchambuzi

Nguzo za zege zilifanya kazi nusu. Hazikubebwa kama mawe ya matumbawe, lakini vijana wawili wenye jembe waliihamisha moja, labda ndani ya saa moja. Kilichookoa shamba ni kitu kilichokuwa chini ya nguzo, ambacho aliyeihamisha hakujua kipo. Siku hizi namshauri kila mteja mwenye eneo lisilopimwa afanye hivyo, tena majirani wakiwepo na kuona, ili siku ya kuchimba pasiwe na wa kusema kimefukiwa jana.

Kwenye eneo lililopimwa rasmi mambo ni tofauti. Bikoni ya mpima ina namba, na nafasi yake imo kwenye ramani iliyoidhinishwa, kwa hiyo hata ikiondolewa mpima anaweza kuirudishia mahali pake. Kuing'oa au kuisogeza makusudi ni kosa la jinai. Nguzo aliyojisimikia mtu mwenyewe haina ramani nyuma yake. Nguvu yake ni makubaliano ya majirani, na Mama R. hakuwa na makubaliano hayo hadi 2022. Ile sahihi ya kijana wa muuzaji ilikuwa tundu la kwanza, na yote yaliyofuata yalipita humo.

Mama R. alikuwa pia na alama za GPS za kona alizochukua kwenye simu, akiamini zitamtetea. Hazikusaidia. Simu ya kawaida hukosea mita kadhaa hata mahali peupe, na chini ya miti zaidi. Itakusaidia kulipata shamba, lakini haiwezi kuamua ubishi wa mita 5.8.

Sasa mlinzi. Mzee K. alikuwa mwaminifu, alikuwa shambani, na aliuona uvamizi siku ya kwanza. Hakuna mlinzi bora ambaye Mama R. angempata. Bado alishindwa, kwa sababu hakuwa na mamlaka yoyote ya kuonyesha. Barua ya ukurasa mmoja yenye muhuri wa mtaa, inayosema huyu ni mwangalizi wa shamba la fulani na ana haki ya kuzuia ujenzi na kutoa taarifa, ingemjibu yule msimamizi siku ileile. Sasa anayo, ameifunga kwenye nailoni, na nakala iko kwa mwenyekiti.

Upande wa pili wa karatasi hiyo unamlinda mwenye shamba. Pwani yetu mti wa kudumu ni tamko. Mwenye mnazi, mwembe au mkorosho huonekana kuwa mwenyeji wa ardhi ile, na hata pale ardhi si yake, miti ni yake na hudai fidia. Mzee K. hakuwa na nia mbaya. Alikaa miezi saba bila malipo, akajilipa kwa alichokijua. Lakini watoto wake wangekua wakiokota korosho pale, na siku Mzee akifumba macho wangesema kwa moyo safi kwamba ni shamba la baba.

Sheria inamlinda mmiliki kwa kiasi fulani. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba aliyekaribishwa kwenye ardhi haimiliki dhidi ya aliyemkaribisha, hata akikaa miaka mingi. Lakini lazima uthibitishe kwamba alikaribishwa. Makubaliano ya chini ya mwembe, shahidi akiwa mke wa mlinzi, ni ushahidi gani baada ya miaka 15? Na muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, baada ya hapo mlango unafungwa.

Kwa hiyo mkataba wao ulisema mambo machache kwa lugha ya wazi. Mzee K. anakiri kwamba shamba ni la Mama R. Atalima mazao ya msimu tu: mahindi, kunde, mihogo, mbaazi. Hatapanda mti wa kudumu wala kujenga kwa tofali. Kibanda kinabaki cha udongo. Mikorosho 11 inabaki, mavuno ni yake kwa misimu mitatu, kisha inakuwa ya Mama R. bila fidia nyingine. Malipo yakichelewa miezi miwili, Mzee ana haki ya kulipwa kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Kifungu hicho cha mwisho nilikiomba mimi, kwa sababu katika kisa hiki mkataba ulivunjwa kwanza na mwenye shamba.

Upande mmoja haukupona. Magharibi, minyaa ilipandwa hatua moja ndani ya mpaka ili isigombaniwe na jirani. Ilikuwa nia njema, lakini watu huusoma uzio kuwa ndio mpaka. Ukanda wa karibu mita moja kwa urefu wa mita 58 uliobaki nje ukawa njia ya miguu, na sasa wanafunzi wanapita hapo asubuhi na jioni kwenda shule. Mama R. alisimama akawatazama, akaamua kuiacha. Kwenye karatasi ya majirani tuliandika kwamba ukanda huo ni wake na kwamba ameruhusu watu kupita. Nguzo za upande huo bado ziko nje ya minyaa, kwenye mstari wake, pembeni kabisa ya njia.